Mwezi umeandama na wezi hawajui: maneno niliyoongea na vijana wa filamu Bagamoyo

Shikamooni wazee mliokaa huku mbele, na nyie vijana habari za jioni. Nashukuru kuitwa. Nimeambiwa niongee kuhusu filamu za wizi, zile za mchongo mkubwa, watu wanakaa mezani wanapanga wiki nzima afu wanaingia benki au duka la vito, na nimeambiwa nieleze kwanini zinatukalisha roho juu mpaka mwisho. Mimi kazi yangu ni kuediti, nimekaa miaka mingi kwenye kiti kile nakata picha za watu wengine, kwaiyo nitaongea kama mtu wa mkasi, sitaongea kama profesa.

Nianze na kibanda umiza, maana nyote hapa mmelelewa humo. Mnakumbuka yule anayetafsiri muvi, anaweka sauti yake juu ya sauti za wazungu au wachina. Mnakumbuka kuna vitu alikuwa anavisema ambavyo kwenye muvi havipo kabisa? Steringi anapanda ngazi taratibu, na jamaa anakwambia, "Masikini hajui kama mwenzie keshamgeuka, yuko juu anamsubiri na panga." Kibanda kizima kinapiga kelele usipande! usipande! Sasa mtu wa mbali atasema huyu kaharibu muvi, katoboa siri. Mimi nasema yule bwana alikuwa anaijua taharuki kuliko wengi walioisomea, maana alikuwa anaitoa siri kutoka kwa adui na kutupa sisi, na ikishakuwa mkononi mwetu ile ngazi ya hatua kumi inakuwa ndefu kama njia ya kwenda Kaole kwa miguu saa saba mchana.

Hiko ndo kitu nimekuja nacho leo. Kwenye filamu ya wizi, taharuki haitoki kwenye bunduki wala magari, inatoka kwenye nani anajua nini na alianza kukijua lini. Watazamaji wanajua nini, wezi wanajua nini, mwenye mali anajua nini. Ukizichezea hizo tatu vizuri hata mtu akikohoa tu watu wanashika vichwa.

Alfred Hitchcock, muongozaji Muingereza, alishawahi kulieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza alipokuwa anahojiwa na Mfaransa François Truffaut. Watu wawili wamekaa wanapiga stori za kawaida, ghafla bomu linalipuka. Hapo umempa mtazamaji mshtuko wa sekunde 15. Sasa rudia ileile, lakini mtazamaji kaoneshwa bomu likiwekwa, na saa ipo ukutani anaiona, na anajua litalipuka saa saba kamili na sasa hivi ni saa saba kasorobo. Zile stori za kijinga za mezani zinageuka mateso, na umempa dakika 15 za roho juu. Bomu ni lilelile, meza ni ileile, kilichobadilika ni kwamba mtazamaji kajua mapema.

Sasa tuingie kwenye wizi wenyewe. Nina filamu moja ambayo kila mwaka narudi kuiangalia, inaitwa Rififi, ni ya Kifaransa, ya 1955, kaiongoza Jules Dassin. Huyu alikuwa Mmarekani aliyefungiwa kufanya kazi Hollywood kwa mambo ya siasa, ndo akaenda kufanya kazi Ufaransa, na kwa filamu hii akapata tuzo ya muongozaji bora pale Cannes mwaka huohuo. Wezi wako wanne, mkubwa wao Tony katoka jela juzi tu na anakohoa, wanataka kuvunja duka la vito pale Paris. Ndani ya hiyo filamu kuna kipande cha karibu nusu saa, wizi wenyewe, hakina neno hata moja la mazungumzo na hakina muziki. Nusu saa! Mtunzi wa muziki, Georges Auric, alikuwa keshatunga muziki wa hapo, Dassin akamuonesha kipande kikiwa na muziki afu akamuonesha bila muziki, na Auric mwenyewe akakubali utolewe.

Swali langu kwenu ni hili, inakuwaje watu wakae nusu saa wanaangalia wanaume wanne wanatoboa sakafu, kimya, na hakuna anayetoka kwenda kununua karanga? Jibu haliko kwenye ile nusu saa. Jibu liko kabla yake, kwenye sini fupi ambayo wengi wanaipita. Wale jamaa wamepata alamu ya aina ileile iliyoko dukani, wameiweka chumbani kwao wanaijaribu. Na sisi tunaona kwa macho yetu kwamba ile alamu haihitaji mtu aguse mlango, mtikisiko tu unaiamsha. Wanahangaika nayo, wanajaribu hiki na kile, mpaka wanagundua povu la mtungi wa kuzimia moto ukilipuliza ndani yake inanyamaza. Basi, sini imeisha.

Angalieni alichofanya hapo, maana ndo ufundi wenyewe. Hakutueleza mpango. Hakuna mtu aliyesimama na ramani akasema kwanza tutafanya hivi, pili wewe utakaa hapa. Katupa adui, yaani mtikisiko, na katupa dawa, yaani povu. Katikati ya adui na dawa kuna safari nzima ambayo hatuijui, na ndo maana wakipanda kwenye nyumba iliyo juu ya lile duka na kuanza kuchimba sakafu, kila pigo la nyundo linatuuma sisi. Hatuambiwi na mtu kwamba kelele ni hatari, tulishaona wenyewe chumbani. Na dawa iko juu, alamu iko chini, haiwezi kufikiwa mpaka tundu liishe, na tundu haliwezi kuisha bila kugonga.

Afu inakuja ile ya mwavuli. Wametoboa kitundu kidogo, na ukiendelea kukipanua vifusi vitaanguka kwenye sakafu ya duka, na kifusi kikianguka alamu inalia. Wanaupitisha mwavuli uliofungwa kwenye kile kitundu, wanaufungulia kule chini, na vifusi vinadondokea ndani ya mwavuli. Hakuna aliyetwambia mwavuli ni wa kazi gani. Tunaelewa pale unapofunguka, na kwenye ile sekunde ya kuelewa mtazamaji anajiona na yeye ni mwizi wa tano. Huo ndo uzuri wa kutokumueleza mtu kila kitu, unamuachia kazi kidogo ya kufanya na akiifanya anakuwa upande wako.

Na kikohozi. Tony anakohoa tangu mwanzo wa filamu, tumeshazoea, tukadhani ni kuonesha tu kwamba mzee kachoka na jela. Kumbe ni baruti imewekwa. Usiku wa kimya kikohozi kile kinabanwa kooni, na wewe uliyekaa unajikuta unameza mate.

Mwaka jana niliwawekea watu hiki kipande pale kibandani kwa rafiki yangu, maeneo ya Magomeni hapahapa Bagamoyo, laptopu yangu na projekta na shuka jeupe. Watazamaji wengi walikuwa madereva wa bodaboda na vijana wa mnada wa samaki, watu ambao muvi isipokuwa na ngumi dakika ya kwanza wanaanza kudai hela yao. Hakuna tafsiri, hakuna sauti. Dakika nne za mwanzo waliongea, wakacheka, mmoja akauliza spika imeharibika? Mwavuli ulipofunguka kibanda kikanyamaza, na nilikuwa nimekaa pembeni naangalia watu badala ya muvi, maana mhariri ukitaka kujua kazi inafanya kazi angalia miguu ya watu. Mtu aliyechoka anatikisa mguu, anabadilisha mguu. Pale miguu ilikuwa imetulia kama imefungwa. Nje pikipiki ikapita na kupiga honi, na kijana mmoja akageuka akafanya "shhh" kwa nguvu, yaani alikuwa anamnyamazisha dereva wa barabarani ili wezi wa Paris wa 1955 wasikamatwe!

Sasa kuna kanuni ambayo watu wa skripti wanaijua na ina ukweli mkubwa. Mpango ukielezwa wote mbele ya mtazamaji, lazima uharibike. Mpango ukifichwa, unaweza kufaulu. Fikiria mwenyewe, kama nimekueleza hatua zote sita afu wezi wakazifanya zote sita sawasawa, umeangalia kitu kilekile mara mbili, mara ya kwanza kwa maneno mara ya pili kwa picha. Kwaiyo ukieleza, unaeleza ili uvunje. Mtazamaji anashika mpango kichwani kama ramani, na hatua ya tatu ikienda kombo anajua palepale nini kinafuata kuharibika, haihitaji mtu amwambie. Na ukificha, unaficha ili umgeuze yeye, sio mwenye mali tu.

Mfano wa kuficha ni Ocean's Eleven ya Steven Soderbergh, ya 2001, hii wengi mmeiona. Watu 11 wanaibia kasino za Las Vegas. Humo ndani wanajenga chumba kinachofanana na ile hazina ya chini ya kasino, na tunaambiwa ni cha kufanyia mazoezi, tunakubali, tunaendelea. Usiku wa wizi mwenye kasino anaangalia kwenye skrini anaona hazina yake inaibiwa, anaita kikosi cha askari maalumu. Baadaye ndo inafunguka kwamba alichokuwa anaangalia ni picha zilizorekodiwa kwenye kile chumba cha mazoezi, na wale askari waliokuja ndo wezi wenyewe, wakatoka na hela mbele ya macho yake. Yeye anagundua kwa kitu kidogo tu, sakafu ya hazina yake ina jina la kasino, limewekwa juzijuzi, na sakafu ya kwenye picha haina.

Nataka muone kwamba pale hatukudanganywa. Chumba tulioneshwa, mchana kweupe. Tulichofichwa ni kazi yake. Ndo mgeuko wa haki ulivyo, kitu chenyewe kiko mezani tangu mwanzo, watu wanakiangalia, ila wamepewa sababu nyingine ya kuwepo kwake. Ukileta mgeuko ambao mzizi wake haukuoneshwa popote, eti ghafla katokea pacha wake, watu wanahisi wameibiwa wao, na wana haki ya kukasirika.

Sasa niwapeleke kwenye kazi ya nyumbani. Kuna kikundi cha vijana wa hapahapa, wengine wako humu ukumbini na wamenipa ruhusa, walinipa skripti yao ya filamu fupi niisome. Stori ni ya mlango. Bibi yao mtu pale Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo alikuwa na mlango wa nakshi, wa mbambakofi, umechongwa na babu yake, akauweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja, deni likalipwa lote lakini yule bwana akakatalia mlango kwasababu kapata mteja wa nje. Mlango upo godauni kwake karibu na ufukwe, umefungwa ndani ya kreti la mbao, kesho kutwa unapakiwa lori. Wajukuu wanne wanaamua kwenda kuuchukua usiku na kuuondoa kwa ngalawa. Mimi nikasema hii ni nzuri sana, wizi wa kuchukua chako mwenyewe, mtazamaji keshakuwa upande wao kabla hawajanyanyua mguu.

Ila skripti ya kwanza ilinichosha, na niliwaambia. Wale wajukuu walikaa barazani kurasa saba wanaelezana mpango wote, nani atamlaghai mlinzi, nani atabeba mtaimbo, nani atashika usukani, kurasa saba ni kama dakika saba za watu kuongea, afu kurasa kumi zinazofuata wanafanya yaleyale. Walipotaka kuweka presha waliweka mbwa. Mbwa anatokea ghafla anabweka, wanakimbia, mwisho. Nikawauliza huyu mbwa alikuwa wapi siku zote? Hawakuwa na jibu.

Tukakaa chini siku mbili. Kitu cha kwanza tulichofanya nilichora mstari katikati ya daftari, upande mmoja nikaandika "wao wanajua," upande wa pili "sisi tunajua," na kila sini tukawa tunajaza. Ilipofika mwisho pande zote mbili zilikuwa sawa kabisa, kila walichojua wezi tulikijua sisi, kwa wakati uleule, sini baada ya sini. Hapo ndo mnaona ugonjwa bila hata kupiga picha moja. Pande zikiwa sawa mfululizo hakuna taharuki, kuna taarifa ya habari.

Cha pili tukatafuta adui na dawa, kama ile alamu na povu. Adui akawa kelele, maana kreti limepigiliwa misumari mirefu na msumari ukiung'oa kwenye mbao kavu unalia kama mtoto, na mlinzi amekaa nje hatua ishirini. Sasa dawa ya kelele usiku wa Bagamoyo ni nini? Binti mmoja kwenye kikundi ndo alisema, na mimi nilimpa mkono. Akasema tuweke stori mwezi wa Ramadhani. Wapiga ngoma wa daku wanapita mitaani kama saa nane usiku kuamsha watu, ngoma, debe, filimbi, wanapita kila usiku palepale pembeni ya godauni. Ngoma zikipita, misumari inang'olewa, hakuna atakayesikia. Sini ya kuonesha hili ni fupi sana, haina hata maneno, mjukuu mmoja anang'oa msumari kwenye ubao wa zamani uani kwao, sauti inatoka mbaya mpaka kuku wanaruka, wanaangaliana. Usiku ngoma zinapita, anang'oa mwingine, hatusikii kitu. Imetosha, zile kurasa saba tukazitupa zote.

Halafu saa. Kila filamu ya wizi inahitaji saa ambayo mtazamaji anaisoma mwenyewe, na sisi watu wa pwani tuna saa kubwa pale nje inaitwa maji. Mnajua wenyewe ufukwe wetu maji yakipwa ngalawa zinalala kwenye tope, huitoi hata mkiwa watu kumi. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni masaa sita na dakika kama 12, na mwezi ukiwa mwandamo ni bamvua, yanajaa sana na yanatoka sana, na huku kwetu bamvua linajaa alfajiri kama saa kumi hivi. Kwaiyo wakitoka na mlango saa tisa maji yanapanda yanawangoja, na saa kumi yako juu. Wakichelewa mpaka mwanga unatoka, maji yanaondoka na ngalawa inakaa. Hapa huna haja ya kuweka saa ya ukutani, piga picha ya nanga kwenye tope, afu baadae maji yamefika kwenye nanga, afu yamefika kwenye ubavu. Mtazamaji wa Bagamoyo au wa Tanga anaisoma hiyo bila kufikiri.

Sasa mgeuko. Hawa wajukuu wawili wanajificha ndani ya godauni kabla ya magharibi, wakati vibarua wanatoka, wanajibana nyuma ya magunia, simu zimezimwa zisije zikalia. Wanasubiri saa nane, wanasubiri ngoma. Mfungo uko 29. Barazani mapema mzee mmoja alishasema kwa kupita tu, "Kesho tunakamilisha thelathini," na mwenzie akajibu, "Labda, tuangalie mwezi." Watu wanaongea hivyo kila mwaka, hakuna mtazamaji atakayeshtuka, lakini baruti imewekwa.

Magharibi inaingia, tuko ufukweni, watoto wamepanda kwenye mtumbwi, na mmoja ananyoosha kidole. Mwezi! Mwezi umeandama! Kesho Idi.

Mmeona kilichotokea? Hakuna daku. Hakuna ngoma. Hakuna mtu atakayepita saa nane kuamsha watu. Na usiku wa kuamkia Idi mji haulali, mafundi cherehani wanamalizia nguo, akinamama wako kwenye sufuria na mikate ya kumimina, watoto wako barabarani. Dawa yao imekufa, na kila mtu mjini anajua, na sisi tunajua, isipokuwa wale wawili nyuma ya magunia waliozima simu. Kamera inarudi kwao, wamekaa gizani, wanatabasamu, mmoja anaangalia saa yake ya mkononi, bado masaa mengi. Pale ndo bomu la Hitchcock liko chini ya meza, na hatujamuonesha mtu na kisu wala na bunduki, tumeonesha watoto wanashangilia mwezi.

Hapo kikundi kiligawanyika na mjadala wao ulikuwa mtamu kwaiyo niwape. Kijana mmoja alitaka tukio la mwezi lifichwe, tuwe nyuma ya magunia na wezi, saa nane ifike, kimya, saa nane na nusu, kimya, afu ndo tugundue pamoja nao. Sio wazo baya, ni mshtuko, na kuna dakika mbili tatu za kujiuliza kulikoni. Lakini nikamwambia hesabu unachopoteza. Ukificha, yale masaa yote ya kusubiri ni watu wawili wamekaa, huna cha kupiga picha. Ukitoa siri mapema, kila wakicheka kule gizani sisi tunaumia, na kila mlango unaofunguliwa mtaani kwa furaha ya Idi unakuwa mbaya kwao. Hata mlinzi, ambaye kila usiku husinzia, leo kaletewa chai na vitumbua na jirani kwa ajili ya sikukuu, yuko macho, ana furaha, anaimba. Yaani wema wa watu ndo unawamaliza. Tukakubaliana mwezi uonekane.

Lakini angalia, ukitoa siri hivi lazima uwe umebakiza nyingine mfukoni, maana mtazamaji sasa anajua kuliko wezi na akijua sana kupita kiasi anaanza kuwaona wajinga. Kwaiyo tulifanya wao nao wagundue mapema kidogo kuliko tulivyotegemea. Saa tano usiku mmoja anasikia mtoto nje anaimba wimbo wa sikukuu, anatulia, anahesabu vidole, na uso unabadilika. Hasemi kitu. Hapo pande mbili za daftari zinakuwa sawa tena, halafu palepale tunazipindua, yeye anamnong'oneza mwenzie kitu ambacho sisi hatukisikii. Sasa wao wanajua, sisi hatujui. Tulikuwa juu yao, sasa tuko chini yao.

Saa nane inapita hawagusi msumari. Saa tisa hawagusi. Tunaiona ngalawa inaelea, yule wa usukani kule ufukweni anaangalia godauni haelewi kwanini hawatoki. Saa kumi, maji yako juu kabisa. Wewe mtazamaji unataka kulia, ng'oeni jamani! Adhana ya alfajiri inapita, watu wanasali, na baada ya sala spika za misikiti zinafunguka, takbira za Idi, msikiti huu unaitikia ule, mji mzima unatetemeka kwa sauti, na nyuma ya magunia msumari wa kwanza unatoka. Ndo alichonong'ona. Na dawa hii sio ya kuzuka, takbira kila mtu anazijua zinakuja, tulikuwa nazo kichwani sote ila tulizihesabu kama mwisho wa muda wao, sio kama ngoma mpya.

Ila maji yameanza kutoka. Hapo ndo saa mbili zinapigana, sauti imekuja kwa kuchelewa na bahari haingoji. Mlango ule una mbao mbili na fremu na mfaa wake wa katikati, wanne hawawezi kuubeba kwa safari moja, na kila safari ya kwenda na kurudi ufukweni maji yameshuka. Safari ya kwanza yanafika kiunoni. Ya pili yako kwenye magoti. Wakati wanarudi kuchukua mfaa ngalawa imeshagusa mchanga, unasikia kabisa ule mkwaruzo wa mtumbwi, na huko njiani watu wameanza kutoka na kanzu zao nyeupe kwenda kuswali Idi.

Hapo ndo skripti ilipofika mpaka jana. Mfaa haujatoka. Nusu ya kikundi wanataka wauache, bibi apate mlango wenye pengo katikati. Nusu wanataka waubebe begani kupita katikati ya watu wa Idi kama vile wanapeleka nguzo ya maturubai. Mimi nipo na hawa wa pili, maana watu waliovaa kanzu watawapisha njia na kuwapa mkono wa Idi, na kila mkono wanaopewa itabidi waweke mfaa chini. Lakini skripti ni ya kwao, wataamua.

Basi, mwanangu pale nyuma naomba zima taa na funga lile dirisha la upande wa baharini. Tunaweka ile nusu saa ya Rififi. Nimeanzia kwenye sini ya alamu, msiipite. Simu zizimwe, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi.